Lazima awahi au lazima awahie?

"Naandika tangazo la basi la Dodoma kwenda Singida. Ni 'abiria lazima awahi' au 'awahie'? Na sharti, inabidi?"

Awahi, ndugu yangu. Aliyekujibu kabla yangu "weka -e tu mwishoni mwa kitenzi" yuko nusu sahihi: lazima apande, sharti alipe, inabidi ashuke Manyoni. Ila wahi, rudi na subiri haviishii na -a, basi mwisho haugeuki: lazima arudi, sharti asubiri. Ukikanusha, inabidi asichelewe.

Kati ya hayo matatu, ni inabidi tu linalobeba mtu ndani: inanibidi niondoke, hata inanibidi kuondoka.

Dada wa Kondoa uliyeuliza kama "lazima amefika Bahi" ni kosa, si kosa. Hapo unakisia, humlazimishi mtu. "Lazima analipa" je? Mtaani nalisikia, kwenye tangazo ningelifuta.