Natengeneza picha kwa Stable Diffusion: seed, yaani namba ya kuanzia picha, ni ile ile, neno la nguo tu ndilo limebadilika, mbona picha nzima imegeuka?

— Angalia kisanduku cha Seed kwanza. Kikiwa na -1, kila picha inapewa namba mpya. Tena Batch count ikiwa 4, seed inaongezeka kwa 1 kila picha, kwa hiyo linganisha ya kwanza na ya kwanza. Ukubwa, sampler na Steps visiguswe. Kwenye programu ya AUTOMATIC1111, chini ya Script, chagua X/Y/Z plot, X iwe Prompt S/R, yaani tafuta neno na ulibadilishe, Y iwe Seed:

```
Prompt: woman in a red dress, market street
X: dress, coat, skirt
Y: 1200, 1201, 1202, 1203
```

Neno la kwanza la X lazima liwemo kwenye Prompt herufi kwa herufi, la sivyo inagoma.

— Mimi najua seed ikifungwa, mkao haubadiliki kamwe.

— Hapana, ndugu. Seed inafunga vumbi la mwanzo tu, yaani chengachenga ambazo picha inaanzia; neno ndilo linalolichonga tangu hatua za awali. Koti lina umbo tofauti na gauni, kwa hiyo mabega na mikono huweza kusogea. Ndiyo maana nimeweka seed nne tofauti: koti likiharibu mikono kwenye zote, lawama ni ya neno, kwenye moja tu, ni ya seed hiyo.

— Mimi nikiandika kanzu inanipa gauni la kike. Nibadilishe seed?

— Seed haitakusaidia, huenda modeli hailijui neno hilo vizuri. Eleza umbo: long white robe. Ila hayo ni maneno matatu badala ya moja, kwa hiyo ulinganisho hautakuwa safi sana.