Ahadi ya mstarini iwe moja, na iwe ya foleni

Ukishapitishwa kugombea ukaka mkuu au udada mkuu, utapewa dakika chache za kujinadi mstarini, mbele ya shule nzima, mara nyingi bila kipaza sauti. Wenzako watazimaliza kwa kuahidi nyama kila siku, basi jipya na prepu fupi. Watashangiliwa kweli. Ila kidato cha nne wanajua bajeti ya chakula haipangwi na wanafunzi, na kura zao ni nyingi.

Wewe tafuta jambo ambalo viranja wanaliendesha wenyewe na halidai hela: zamu za usafi, matumizi ya kiwanja, foleni. Tuchukue foleni ya bwaloni. Katika shule nyingi za bweni kidato cha kwanza hufika kwenye sufuria mwisho, maharage yameisha, umebaki mchuzi. Basi ahadi yako iwe hii: "Kila kidato na siku yake ya kutangulia." Jumatatu cha kwanza, Jumanne cha pili, Jumatano cha tatu, Alhamisi cha nne. Hapo hata asiyekupenda anaweza kusimama mlangoni mwa bwalo Jumatatu akaona kama umetimiza au umedanganya.

Kabla ya kuitamka, mwone mwalimu anayesimamia chakula. Akikataa, tafuta ahadi nyingine mapema, maana akikukanusha pale pale mstarini umekwisha. Zungumza pia na viranja wa bwalo, kwa kuwa wao ndio watakaowarudisha nyuma wanaochomekea.

Kelele zitatoka kwa kidato cha nne, kwani ndio wanaopoteza. Usijifanye huwaoni. Waambie wazi: "Kaka na dada zetu, mtihani wa taifa ukianza, mtatangulia kila siku mpaka mmalize." Kisha mchekeshaji mmoja atapaza sauti, "Na Ijumaa je?" Swali hilo ni zawadi, mradi umeliandalia jibu: Ijumaa linatangulia bweni lililoongoza kwa usafi wiki hiyo. (Matroni atakupenda kwa hilo, ingawa hapigi kura.)

Namna ya kuisema nayo ina utaratibu wake. Jina lako, salamu fupi kwa mkuu wa shule na walimu, kisha ahadi, kabla watu hawajaanza kunong'ona. Eleza siku zake, jibu hoja ya kidato cha nne, halafu irudie kwa maneno yale yale. Usiipambe mara ya pili, kwa sababu ukibadilisha neno moja, mabwenini kila mtu ataisimulia kivyake. Kama shule yenu inadai Kiingereza mstarini, omba ruhusa mapema ya kuitamka ahadi yenyewe kwa Kiswahili.

Makofi yakianza, shuka. Usirudi kuongeza habari ya maktaba.