Kanvasi si daftari la lecha

Juzi nilikaa nyuma ya darasa nikiwatazama wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wakifanyia mazoezi pichi zao, yale maelezo ya dakika tano ya kuieleza biashara mbele ya jaji. Kundi la kwanza limebandika ukutani kanvasi, ile karatasi moja ya visanduku inayoonyesha biashara inavyofanya kazi, na kwenye kisanduku cha wateja wameandika "kila mtu". La pili: "watalii, wenyeji, wanafunzi na mahoteli". La tatu, kwenye pendekezo la thamani, yaani kile kinachomfanya mteja anunue kwako, wamenakili maana neno kwa neno, kama lecha alivyolisoma. Nikajishika mdomo. Si kwa kuwacheka, bali kwa sababu kisanduku cha wateja ndicho nilichokosea mimi pia.

Basi nisikilizeni kabla ya pichi zenu za Alhamisi.

1. Maana zibaki daftarini. Lecha anafundisha kwa mpangilio wake: mjasiriamali ni nani, soko ni nini, aina za mapato. Kanvasi haihitaji maana hata moja. Pitieni noti na kalamu nyekundu, na kila mstari uulizeni: kwa biashara yetu sisi, jibu ni lipi? Mstari usio na jibu, uacheni. Anzeni upande wa kulia, kwa wateja, kisha thamani iliyo katikati, halafu njia za kuwafikia, uhusiano na mapato. Upande wa kushoto, wa rasilimali, shughuli na washirika, mwende mkishajua mnamfanyia nani kazi. Gharama ziwe za mwisho. Mkianzia kushoto mtajaza "kompyuta, ofisi, wafanyakazi" na bado hamna mnunuzi.

2. Mteja ni anayetoa pesa mfukoni. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipozikwa.

Tulikuwa wanne, na wazo letu lilikuwa achari za maembe, zile za vipande vikavu vyenye pilipili kwenye vipakiti vya shilingi kumi. Malindi hii, mtoto gani hali achari? Januari, kaskazi inavuma na maembe yamejaa, tulijaribu fungu moja nyumbani kwetu Barani. Maembe mabichi ya 450, chumvi, pilipili, sukari na rangi 200, mifuko 150, bodaboda ya kusambaza madukani 250. Jumla 1,050. Zikatoka pakiti 200. Mimi ndiye niliyekuwa "mtu wa hesabu", nikaandika kwenye kisanduku cha mapato: 200 mara kumi, shilingi 2,000. Faida 950! Nikaizungushia duara kwa kalamu ya kijani.

Siku ya pichi lecha alikuwa amemwalika mama mmoja mwenye duka, awe jaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, ametulia kabisa, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hizi achari mimi nazinunua kwako kwa ngapi?"

Nikasema kumi.

"Na mimi namuuzia mtoto kwa ngapi?"

Nikasema kumi.

Darasa likacheka hadi fundi wa projekta naye akacheka. Mama hakucheka. Akaniambia kipakiti cha kumi yeye hukichukua kwa saba, tena kwa mali kauli: nimwachie, akishauza ndiyo nirudi kuchukua pesa. Ninakumbuka nilivyosimama na rimoti mkononi nikijaribu kupiga hesabu kichwani, mbele ya watu, na jasho linanitiririka mgongoni. Mapato si 2,000, ni 1,400. Ukitoa 1,050 inabaki 350. Tugawane wanne, ni shilingi 87 na nusu kwa mtu, kwa kazi ya siku mbili. Tungejilipa hata 200 tu kwa siku kila mmoja, ingetakiwa 1,600, na hasara yetu ingekuwa 1,250.

Kosa lenyewe halikuwa la hesabu. Niliandika "watoto wa shule" kwenye wateja, "maduka" kwenye njia za kuwafikia, nikadhani nimemaliza. Kumbe mtoto ndiye mlaji, lakini aliyekuwa anatulipa sisi ni mwenye duka. Naye hatafuti ukali wala pilipili. Anataka pakiti isiyoshika unyevu ikagandamana kwenye chupa, inayotoka haraka, na asitangulize pesa yake. Hao ni wateja wawili wenye thamani mbili tofauti, na mmoja wao hatukumwandikia hata neno.

Usiku ule tuliichana ile karatasi tukaanza upya. Vikaratasi vya njano vikawa vya mwenye duka, vya waridi vikawa vya mtoto. Kila mteja lazima rangi yake ionekane pia kwenye thamani, kwenye njia na kwenye uhusiano. Rangi ikikosekana mahali, hapo pana shimo. Kwenye mapato, rangi ya njano peke yake: saba kwa pakiti, hulipwa baada ya mauzo. Kwenye uhusiano: kupita kila Jumamosi kuchukua pesa na pakiti zilizobaki. Na tukaanza kujihesabu sisi wenyewe kama gharama. Kukata maembe ni asubuhi moja ya watu wawili, jua linafanya lake, kufungasha ni asubuhi nyingine. Nusu siku nne kwa shilingi 100 ni 400. Boda tukaiondoa kwa kuuza maduka ya mitaa miwili tu, kwa miguu. Gharama 1,200, mapato 1,400. Faida 200, yaani shilingi moja kwa pakiti. Haipendezi kuizungushia duara, lakini ukiulizwa unaisimamia.

Jambo jingine aliloniuliza mama, nalo dogo: "Na Agosti maembe mtatoa wapi?" Bei zetu zote zilikuwa za Januari. Maembe ya 450 yakifika 900, ile faida ya 200 inageuka hasara ya 250. Kanvasi haina kisanduku cha msimu. Alexander Osterwalder aliyeibuni hakukiweka, kwa hiyo mkiweke wenyewe ndani ya gharama: bei ya msimu na bei ya nje ya msimu. Sisi tulipoongeza ndoo za kuhifadhia maembe yaliyotiwa chumvi kwenye rasilimali, ndipo ile karatasi ilipoanza kuonekana kama biashara. Nyinyi wa kundi la kuuza samaki, mnajua kusi ikianza kuvuma jahazi zinakaa pwani. Mbona barafu yenu ni ya bei moja mwaka mzima?

3. Washindani hawana kisanduku. Msiwabane kwa nguvu kwenye washirika, kama lile kundi la juzi lililoandika "duka la jirani" kama mshirika kwa sababu eti wanafahamiana. Mshirika ni yule ambaye akikataa leo, kazi yako inasimama.

4. Ukurasa mmoja ni ukurasa mmoja. Maneno matano kwa kikaratasi. Mkipunguza ukubwa wa herufi mpaka nane ili kila kitu kienee, mnamdanganya nani?

5. Kwenye pichi msisome visanduku kimoja baada ya kingine, dakika tano zitaishia kwenye shughuli muhimu. Simulieni pakiti moja: imetoka wapi, imeshikwa na nani, nani kailipia, shilingi ngapi imebaki. Kidole kifuate kwenye karatasi.

Na chapisheni nakala mbili. Umeme ukikatika, lecha hasubiri. Yule mama amealikwa tena Alhamisi, nimemwona sokoni jana. Bado ana pakiti zangu 14 dukani, na kila nikipita ananiambia nirudi Jumamosi.