Utafiti wa soko wa milioni 15: tulipe au tuache?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuna kiwanda kidogo cha maziwa hapa Tanga, tunataka kuingiza mtindi wa pakiti. Soko likikubali tunapata faida ya milioni 90, likikataa tunapoteza milioni 50. Sisi tunaona uwezekano wa kukubali ni asilimia 40. Kampuni ya utafiti inataka milioni 15. Wanasema soko likiwa zuri hulitambua mara 80 kwa 100, likiwa baya mara 70 kwa 100. Nimechora mti wa maamuzi, mchoro wenye tawi kwa kila uamuzi na kila matokeo, nikaweka hizo 80 na 70 mwishoni mwake, nikapata thamani ya milioni 24.8 kabla ya malipo. Inaonekana tulipe. Niko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hapana, na kosa lenyewe linageuza uamuzi.

Asilimia 80 ya kampuni inajibu hivi: soko likiwa zuri, ripoti itasema "zuri" mara ngapi? Wewe utakuwa umeshika ripoti mkononi, soko hulijui bado. Unachotaka kujua ni kinyume chake: ripoti ikisema "zuri", soko ni zuri kweli kwa kiasi gani? Namba hiyo ndiyo inayokaa kwenye matawi ya mwisho, na kuipata ni lazima uchanganye uaminifu wa kampuni na ile 40 yako ya awali. Hiyo ndiyo kazi ya kanuni ya Bayes.

Fomula weka pembeni kwanza, hesabu kwa bidhaa 100 zinazofanana na yako. Kwa makadirio yenu, 40 zina soko zuri na 60 baya. Katika zile 40, ripoti itasema "zuri" kwa 32 na kukosea 8. Katika zile 60, itasema "baya" kwa 42, na 18 zitapewa "zuri" isiyostahili. Kwa hiyo ripoti za "zuri" ni 50, na humo zenye soko zuri kweli ni 32, yaani asilimia 64. Si 80. Ripoti za "baya" nazo ni 50, na 8 kati yake zilikuwa na soko zuri, yaani asilimia 16.

Angalia pia tawi la ripoti yenyewe. Ili kufika 24.8 uliliwekea uwezekano wa 0.4 kwa "zuri", kumbe ni 0.5, kwa sababu zile 18 za kimakosa nazo zinaingia humo. Ukitaka kujihakiki, zidisha kurudi nyuma: 0.5 × 0.64 + 0.5 × 0.16 = 0.4. Isiporudi kwenye makadirio yako ya awali, kuna tawi umelikosea.

Sasa rudi kwenye mti kutoka mwisho. Ripoti ikisema "zuri", kuzalisha kuna thamani ya 0.64 × 90 − 0.36 × 50 = milioni 39.6. Ikisema "baya", ni 0.16 × 90 − 0.84 × 50, hasara ya milioni 27.6, hivyo mnaacha na thamani ni sifuri. Nusu ya 39.6 ni 19.8. Bila utafiti wowote, kuzalisha moja kwa moja ni 0.4 × 90 − 0.6 × 50 = milioni 6. Utafiti huu basi unawaongezea milioni 13.8, na wao wanataka 15. Kwa bei hiyo msilipe. Wakishuka chini ya 13.8, mti unakubali.

Kinachonisumbua zaidi ni ile 70 yao. Bidhaa nyingi zilizopewa ripoti mbaya huwa haziingizwi sokoni kabisa, kwa hiyo kampuni haina njia ya kujua kama ilisema kweli. Waulize waliipataje. Wakijibu kwamba katika bidhaa walizozisifia asilimia fulani zilifanikiwa, hicho ni kipimo kingine: kimeshachanganyika na ubora wa bidhaa za wateja wao, na huwezi kukihamishia kwenye mtindi wako.

Ile 70 ina uzito mkubwa hapa. Kama kweli wangetambua soko baya mara 80, ripoti za "zuri" za kimakosa zingepungua kutoka 18 hadi 12, na mti ungefika 0.32 × 90 − 0.12 × 50 = milioni 22.8. Utafiti ungekuwa na thamani ya 16.8, na hiyo 15 ingelipika. Kwa hiyo kabla ya kuvutana nao kuhusu bei, waombe orodha ya bidhaa walizozikataa ambazo wateja wao waliziingiza sokoni hata hivyo, na mhesabu pamoja ni ngapi zilianguka.