Salamu za vijana Dar: kiitio hudumu, jibu huchakaa

Ameuliza mwenzetu: "Wakuu, nimekulia Nairobi na mwezi ujao nahamia Dar kikazi. Nikija huko kutembea na kusema 'niaje' au 'sasa', wengine wananielewa na wengine wananitazama tu. Nimeambiwa hata za Dar zinabadilika kila siku. Nishike ipi, na ni wapi nisizitumie kabisa?"

Mkuu, karibu Dar. Anza kwa kutenganisha kiitio, yaani neno la kuanzia salamu, na jibu, maana hazibadiliki kwa kasi moja. Anayeita anataka aeleweke papo hapo, hata na asiyemjua, kwa hiyo hukamata neno ambalo mji mzima unalo. Anayejibu tayari ameshaeleweka, kwa hiyo ndiye mwenye nafasi ya kucheza na maneno. Ndiyo maana "mambo?", "mambo vipi?" na "vipi?" zimeshapita mikononi mwa vizazi kadhaa vya vijana na bado ziko hai, huku majibu yakipokezana: poa, safi, bomba, mzuka, shwari, freshi. "Poa" ndilo lililogoma kufa. "Bomba" siku hizi ni sifa ya kitu zaidi, kama simu bomba au nyumba bomba. Ukilitoa kama jibu la salamu, vijana wa miaka ishirini watajua ujana wako ulikuwa wa lini. "Mzuka" nalo liko njia hiyohiyo.

Kwa hiyo shika viitio vitatu: "mambo vipi", "vipi" na "niambie". Hili la tatu huwachanganya wageni. Kijana wa Dar akikuita "Oya, niambie!" hataki habari yoyote, amekusalimu. Jibu ni "poa" au "freshi", kisha umrudishie: "vipi wewe?" Kwa majibu, "poa" na "safi" hazitakuangusha. Mapya yasikilize kwanza kwa wenzako wa rika moja, na uyatumie baada ya kuyasikia kwa watu wasiohusiana, siyo kwa mtu mmoja tu. Maneno mengine ni ya kijiwe kimoja, nje ya mtaa ule hayana mwenyewe.

Namna ya kujua jibu limeanza kuchakaa: limeingia kwenye matangazo ya biashara, au walimu na wazazi wameanza kulitumia kuwachangamkia watoto. Kazi mojawapo ya lugha ya mitaani ni kuonyesha nani yumo na nani hayumo. Likishakuwa la kila mtu halionyeshi tena kitu, na vijana wanaliacha bila kutangaza. Maandishi yana uchakavu wake pia. "Xaxa" na "cjui" za enzi za simu za vitufe leo zinasomeka kama picha ya zamani, ingawa maneno yenyewe, "sasa" na "sijui", bado yanasemwa kama kawaida.

Sasa ya kwenu. "Niaje" inaeleweka Dar, hasa kwa vijana wanaofuata muziki na video za Kenya, ila itakutambulisha kuwa umetoka huko, jambo ambalo si baya. "Sasa?" peke yake ndiyo yenye shida. Mtu wa Dar husikia mwanzo wa sentensi, kama unataka kusema "sasa, tufanye hivi", naye anabaki kusubiri umalizie. Ndiyo maana wanakutazama tu. "Rada?" na "form ni gani?" ziache kwa wenzako wa Nairobi, kwa sababu huku wengi hawatajua wajibu nini.

Mahali pa kuangalia zaidi ni umri, na hapa Dar na Nairobi zinatofautiana kweli. Nairobi unaweza kumsalimia mtu mzima "habari yako" na mambo yakaisha. Dar, mtu wa umri wa wazazi wako anastahili "shikamoo", na ukimpa "mambo" atakujibu kwa ubaridi au atanyamaza. Kosa la kawaida zaidi, hata kwa wenyeji, liko kwenye jibu. Umeshaamkia, mzee kaitikia "marahaba, hujambo?", ulimi umezoea, unasema "poa". Hujambo hujibiwa "sijambo". Vivyo hivyo, akikuuliza "habari za kwenu?" mpe "nzuri" au "salama". "Pole na kazi" jibu lake ni "asante", au "nimeshapoa". Hapo "poa" halijibu kitu.

Chukua mfano wa kijiwe cha bodaboda: vijana wanne wamekaa juu ya pikipiki zao, na mzee mmoja kwenye benchi pembeni. Ukifika na "mambo vipi wazee!" umeharibu, kwa kuwa "wazee" ya vijana ni masihara ya wenzio, na hapo kuna mzee wa kweli anayesikia. Anza na yeye: "Shikamoo mzee." Ngoja aitikie "marahaba" na ujibu atakachokuuliza. Ndipo ugeukie wengine: "Vipi washkaji?" Watasema "poa", nawe utaje unakokwenda na mpatane bei. Yote hayachukui nusu dakika. Ukikatiza sehemu ya mzee, vijana wenyewe watakuona huna adabu, kwa sababu kila siku wanaketi naye.

Msibani usitumie salamu ya mtaani hata kwa rafiki yako wa karibu, angalau mbele za watu. Ni "poleni", kisha unakaa. Mgonjwa naye anapewa "pole". Ukienda Zanzibar, au ukiingia nyumba ya Waislamu bara, tanguliza hodi na "asalaam aleikum". Mambo na poa zitakuja baadaye mkishazoeana.

Kwa mwanamke usiyemjua, "mambo" ya barabarani kutoka kwa mwanamume husikika kama mwanzo wa kutongoza, na ukiongeza "mrembo" ndiyo umemaliza. Kama unauliza njia, sema "samahani dada, habari yako?" Kwenye simu pia, ujumbe wenye neno "Mambo" tu kwa mtu wa kazini unamlazimisha ajibu "poa" kabla hajajua unataka nini. Wengi hawajibu. Andika salamu, jina lako na shida yako katika ujumbe mmoja: "Habari kaka, naitwa fulani wa idara ya mauzo, naomba ile orodha ya bei."

Wanaobaki ni wale wa katikati, mtu aliyekuzidi miaka mitano hadi kumi. Shikamoo wengine wanaipokea vizuri, wengine watakwambia unawazeesha, na "mambo" ni kujirahisishia. Hawa wape "habari kaka" au "habari dada", kisha sikiliza jibu. Akisema "nzuri, za kwako?" endelea hivyohivyo. Akisema "poa, vipi?" amekufungulia mwenyewe, na kesho yake unaweza kuanza na "vipi kaka".