Ruta inaganda kila mchana

"Wakuu, ruta yangu hapa Ujiji inaganda kila mchana mpaka niizime na kuiwasha. Ninunue nyingine?"

Usinunue bado, ndugu. Nimeona mmoja hapa amekushauri ubadili chaneli ya waifai, na mwenzetu wa Kasulu anazima na kuwasha ruta yake bando likiisha; nitawagusia wote. Ikiganda tena, kabla ya kuizima fungua 192.168.1.1 kwenye simu. Kama anwani yako ni tofauti, imeandikwa kwenye lebo chini ya ruta. Ukurasa ukifunguka, waifai ni nzima: shida ni laini ya nje au miunganisho imejaa, hasa kama kuna mtu anashusha torenti.

Usipofunguka, chomeka kompyuta kwa waya ujaribu tena. Ukifunguka kwa waya, shuku mawimbi ya majirani. Hapo ndipo aliyesema ubadili chaneli yuko sahihi: kwenye 2.4 GHz chagua 1, 6 au 11. Kuwasha upya husaidia kwa sababu ruta iliyo kwenye Auto huchagua chaneli tena.

Kwa waya nako kimya? Ruta yenyewe imeganda, na kwa kuwa ni mchana ningeanza na joto. Jirani yangu wa Mwanga aliiweka ruta yake juu ya king'amuzi, nyuma ya TV. Tuliihamishia ukutani penye hewa, ikatulia.

Ikiganda hata usiku kukiwa na baridi, weka toleo jipya la programu yake, la modeli hiyohiyo, umeme usikatike katikati.

Wewe wa Kasulu, bando likiisha, kuzima na kuwasha hakulirudishi. Hili ni jambo jingine.