Kuulizana mahari kabla ya posa

"Mchumba wangu ni Msukuma, mimi Mpare. Nimuulizeje mahari bila kuonekana nawasema wazazi wake?"

Ndugu, uliza kabla barua ya posa haijaenda. Mshenga akishaipeleka, kila swali lako litasikika kama kubishana bei. Usiseme "wazazi wako wanataka ngapi?" Sema "dada zako walipoolewa, mambo yalikwendaje?" Hapo anasimulia desturi, hatetei wazazi. Nawe taja akiba yako kwanza, asijione anakaguliwa peke yake.

Kwa Wasukuma hesabu ni ng'ombe, na ugomvi mwingi huzuka kwenye kuwageuza kuwa hela. Tuseme wametajwa 10. Wewe umepiga laki 4 kwa mmoja, jumla milioni 4. Wao wanatumia bei ya mnadani, laki 6, jumla milioni 6. Hujafungua mdomo, umeshaonekana unapunja! Kwa hiyo muulize wangapi lazima wafike zizini wakiwa hai, waliobaki wanahesabiwa bei gani, na kama awamu zinakubalika.

Akijibu "wewe tu", usimbane. Huenda hajui; mpe wiki amuulize shangazi yake. Kupunguziwa ni kazi ya mshenga, mchumba asitumwe.